PAA NI LA NANI?

Katika nchi ya Njombe na Makambako mvua huanza kwenye mwezi wa Novemba, nazo hazituachi mpaka Aprili. Kila zinapokaribia husikika ubishi ule ule katika nyumba za kupanga. Mpangaji asema paa ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba asema alowaye ndiye atengeneze. Sisi twaona ubishi huu hauna haja, kwa kuwa sheria imekwisha kuukata.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, yaagiza kwamba mtu akipangisha sehemu tu ya nyumba, kama vile chumba kimoja au viwili, ni juu yake mwenyewe kutengeneza paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Wala hiyo si hasara kwake. Tuchukue paa la mita 10 kwa 8. Mvua moja ya milimita 50 hulimwagia lita 4,000, yaani mapipa 20. Maji hayo yakianguka chini ya ukuta wa tofali mbichi, yataula msingi. Dalili yake ni lipu kubanduka chini, na mlango uliokuwa ukifungika vyema kuanza kukwama. Dawa yake ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na mtaro wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali, lakini si uani kwa jirani.

Fundi naye asizibe pale juu ya tone tu. Maji huteremka juu ya mbao kabla ya kudondoka. Basi atafute tundu upande wa juu, hasa penye misumari ambayo mpira wake umekauka.

Mpangaji ana wajibu wake pia: kutoa habari mapema, kutotupa taka mtaroni, na kulipia alichokiharibu yeye. Lakini wengi wamekwisha kulipa kodi ya miezi sita, hata hawana cha kukata. Kwa hiyo, kabla fundi hajapanda, waandikiane gharama mbele ya balozi, na mpangaji akitoa fedha yake, atunze stakabadhi ili ikatwe katika kodi ijayo. Atengenezaye bila kupatana asishangae akinyimwa.

Mafuriko yakifanya chumba kisikalike pasipo kosa la mpangaji, kifungu hicho hicho chasema kodi husimama, yote au sehemu yake, mpaka kitengenezwe. Lakini sheria haishikilii ukuta usianguke. Ukuta uliolowa ukifura au kupasuka ufa mpana, watu walale kwingine usiku ule ule. Maji yakiingia ndani, izimwe swichi kuu ya umeme, ikiwa yafikika pakavu.

Kodi hupokewa kiangazi na masika. Aipokeaye na apande kulitazama paa lake kabla ya Novemba.