Sahani 16 za kwanza si zako

Makamanda, kila ukilalamika kwamba ajira hakuna, lazima atokee mtu wa kukwambia "si unajua kupika, jiajiri". Haya, tumpokee alivyokuja, ila tumwekee hesabu mezani. Huku kwetu Mbezi Beach, kuanzia Makonde, Tangi Bovu hadi Africana, kuna maduka, saluni, gereji na ofisi ambazo watu wake hawawezi kuacha kazi wakafuate chakula. Soko la msosi wa kupelekewa lipo. Wengi wanaokufa mapema kwenye hii kazi chakula chao ni kitamu. Kinachowaua ni kwamba hawajui sahani moja inawagharimu shilingi ngapi.

Tuchukue wali maharage na mboga, sahani 20. Bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za duka lako. Mtu anayefanya kazi ya mikono anataka kushiba, kwa hiyo mpimie gramu 200 za mchele mkavu na gramu 100 za maharage. Hapo unahitaji mchele kilo 4 kwa 2,800, yaani 11,200, na maharage kilo 2 kwa 3,200, yaani 6,400. Mafuta nusu lita 3,000. Nazi, nyanya, vitunguu na chumvi 5,000. Mchicha 2,000. Mpaka hapo ni 27,600, na wengi wanaishia hapo. Wanagawa kwa 20, wanaona sahani ni 1,380, wanauza 2,500 na kushangilia.

Bado hujamaliza. Mkaa au gesi 3,000. Vyombo vya kufungia 20 kwa 250 ni 5,000. Boda wa kuzungusha mzigo 4,000. Jumla inakuwa 39,600, na sahani moja sasa ni 1,980. Ukiuza zote 20 unapata 50,000, unabaki na 10,400, na hiyo ndiyo mshahara wako tangu alfajiri ulipochagua maharage.

Sasa gawa 39,600 kwa 2,500. Jibu ni karibu 16. Maana yake sahani 16 za kwanza ni za muuza mchele, muuza mkaa na boda. Wewe unaanza kulipwa kwenye ya 17. Zikibaki 3, faida inashuka mpaka 2,900. Zikibaki 5, umeamka saa kumi usiku kwenda kupoteza 2,100. Na sahani uliyomkopesha mtu wa "nitakupa mwisho wa mwezi" ihesabu kama iliyobaki, maana kesho asubuhi muuza mchele hataki daftari lako, anataka hela.

Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba oda zichukuliwe jioni ya jana, kwa simu au kwenye kundi la wasapu, na pesa itumwe kabla hujaloweka maharage. Oda zikiwa 12, pika 13. Usipike 20 kwa imani. Ila oda zikiwa chache hivyo, boda anakula sehemu kubwa ya faida, kwa hiyo anza na wateja wa jengo moja unaloweza kulifikia kwa miguu.

Kuna jambo lingine linalofunga biashara kwa siku moja: wali uliolala. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto. Tena wali waweza usinuke wala kubadilika rangi, mteja akashtukia kwa kutapika. Basi pika asubuhi ileile, uhifadhi kwenye hotipoti ukiwa wa moto kabisa, na ufungashe karibu na muda wa kutoka. Ukifika kwa mteja chombo hakitoi mvuke, ujue umechelewa.

Kuhusu mtaji, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni haki yenu, kadaini Manispaa ya Kinondoni mkiwa kikundi. Lakini marejesho hayajali kama leo mvua imenyesha na zimebaki sahani 5. Kwa hiyo pikeni kwanza kidogo kidogo kwa mwezi mmoja, muandike kila siku mmeuza ngapi na zimebaki ngapi. Kama siku nyingi hamvuki ile 16, mkopo utawaongezea deni tu. Kama mnaivuka, nendeni na hilo daftari mkononi.