Warfarini haikatazi kisamvu

Msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee anayetumia warfarini, inawezekana umeshaombwa umsomee kile kikaratasi cha Kiingereza kinachokuja na dawa. Wiki hii nataka tuzungumzie sentensi moja ya kikaratasi hicho, ile inayohusu mboga za majani. Nimeona ikitafsiriwa vibaya, na mimi mwenyewe nikakosea baada yake.

Bibi mmoja wa Soga, mwenye umri wa miaka 68, alikuja kliniki kwangu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Valvu moja ya moyo wake ilikuwa imesinyaa, madhara ya homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Moyo wa namna hiyo hausukumi damu vizuri. Damu inatuama ndani yake, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huko linaweza kwenda kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Warfarini inapunguza uwezo wa damu kuganda ili bonge lisitokee. Ikizidi, damu inashindwa kuganda hata pale inapotakiwa, na mtu anavuja damu. Kwa hiyo mgonjwa anatembea katikati ya hatari mbili, na njia yenyewe ni nyembamba.

Tunaijua njia hiyo kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Utaiona imeandikwa hivyo kwenye karatasi ya maabara. Mtu asiyetumia dawa hii ana namba karibu na 1. Kwa ugonjwa wa bibi tulitaka namba iwe kati ya 2 na 3, yaani damu yake ichukue takriban mara mbili hadi tatu ya muda wa kawaida kuganda kwenye kipimo. Wenye valvu ya chuma wanaweza kupangiwa namba ya juu zaidi, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya jirani. Uliza yako ni ipi, kisha iandikwe kwenye kadi yako.

Bibi alikuwa anameza kidonge kimoja cha miligramu 5 kila jioni, jumla miligramu 35 kwa wiki. Kwa miezi kadhaa namba yake ilikuwa 2.3, mara 2.5. Chakula chake cha mchana kilikuwa kile kile siku zote: ugali au wali, samaki au dagaa, na upawa mmoja wa mboga. Leo kisamvu, kesho matembele, keshokutwa majani ya maboga.

Kisha mjukuu wake wa kidato cha tatu akaja likizo. Bibi akamwomba amsomee kikaratasi. Kwa Kiingereza kiliandika kwamba mgonjwa aepuke mabadiliko ya ghafla katika ulaji wa mboga za majani. Kijana akashika neno la mwanzo na neno la mwisho: epuka, mboga. Chini yake kulikuwa na orodha ya mboga, nyingine za Ulaya ambazo hata mimi sijawahi kuziona sokoni Mlandizi. Akamwambia, "Bibi, daktari amekukataza mboga za majani." Bibi akatii. Wazee wengi hutii kuliko tunavyodhani.

Alipokuja kupima wiki tano baadaye, INR ilikuwa 4.8, na fizi zilikuwa zinatoka damu akipiga mswaki. Nilimwambia aache kidonge cha jioni moja, kisha nikapunguza dozi: siku tano kidonge kizima, siku mbili nusu, jumla miligramu 30 kwa wiki. Baada ya wiki mbili namba ikashuka hadi 2.7. Nilifurahi nikamwandikia tarehe nyingine, mbali kidogo.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikumuuliza alikuwa anakula nini.

Kabla ya tarehe ile kufika, binti yake alikuja kutoka Kisarawe akamkuta amekonda. Alipoambiwa mboga zimekatazwa, akakasirika, akasema hakuna daktari anayekataza kisamvu. Alikuwa sahihi. Mvua zilikuwa zimenyesha, shamba limejaa, naye akaanza kumpikia mama yake mboga mchana na usiku ili kufidia zilizopotea. Bibi aliporudi kwangu INR ilikuwa 1.4. Damu yake ilikuwa karibu kama ya mtu asiyetumia dawa kabisa. Tulikuwa na bahati tu kwamba hakupata kiharusi.

Nikamwambia, "Shikamoo mama, leo tuanze na sufuria. Nieleze ulichokula tangu likizo ya mjukuu." Akacheka, "Marahaba mwanangu, mbona hukuuliza siku ile?" Sikuwa na jibu.

Sasa tazama kilichotokea mwilini. Ini linahitaji vitamini K ili kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Warfarini inazuia ini lisiitumie vitamini hiyo vizuri. Mboga za kijani kibichi zina vitamini K nyingi. Ukila mboga zaidi, unalipa ini nguvu ya kushindana na dawa, na namba inashuka. Ukiacha mboga, dawa inashinda kupita kiasi, na namba inapanda. Daktari anapokupangia dozi, anaipanga juu ya chakula unachokula wakati huo, hata kama hakukiuliza. Dozi ya miligramu 35 ilikuwa dozi ya bibi anayekula upawa mmoja wa mboga. Dozi ya 30 niliipanga kwa bibi aliyeacha mboga. Mboga ziliporudi, tena maradufu, dozi ile haikumtosha.

Kwa hiyo sentensi ile ya Kiingereza, ukimsomea mzee wako, iseme hivi: "Endelea kula mboga zako kama ulivyozoea. Usiziache, wala usizizidishe ghafla." Kisha sahau orodha ya kigeni na utaje mboga za sufuria yenu: kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, sukuma wiki. Unga wa majani ya mlonge nao uhesabu humo humo, na usimwanzishie bila kutuambia. Kipimo kiwe chombo anachokijua. Kwa bibi tulikubaliana upawa mmoja wa mboga iliyopikwa, kila siku mchana. Akienda msibani au harusini akakosa mboga siku moja, si neno. Tatizo ni wiki nzima bila mboga, au wiki nzima ya mboga mara mbili kwa siku.

Ukimaliza kumsomea, usimuulize, "Umeelewa?" Atajibu ndiyo kwa heshima. Mwambie, "Bibi, nieleze kesho utakula nini na kidonge utameza saa ngapi." Kosa likiwepo, utalisikia hapo.

Tulimrudishia bibi kidonge kizima kila jioni. Baada ya wiki moja INR ilikuwa 1.9, na wiki iliyofuata 2.4. Usishangae kwamba haikupanda siku ya pili. Vitu vya kugandisha damu vilivyokwisha kutengenezwa hukaa mwilini kwa siku kadhaa kabla ya kuisha, kwa hiyo namba ya leo inasimulia vidonge na chakula cha siku zilizopita. Mgonjwa anayeongeza au kupunguza kidonge mwenyewe kwa sababu ya alichokula jana anafukuza kivuli. Namba haijamfikia, naye ameshabadilisha tena.

Ndiyo sababu pia tunapenda kidonge kimezwe jioni, saa ile ile. Ukipima asubuhi na majibu yakatoka mchana, bado tuna nafasi ya kubadilisha kidonge cha siku hiyo. Ukisahau na ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake, kiache kilichopita, usimeze viwili, na uandike tarehe kwenye kadi. Usitegemee rangi ya kidonge iliyotajwa kwenye kikaratasi, kwa sababu watengenezaji hawatumii rangi moja. Soma miligramu kila unaponunua boksi jipya.

Namba ikiwa imetulia, wengi hupima takriban kila mwezi. Najua kutoka Soga hilo ni safari, kwa kuwa zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo hiki, na mtu hulazimika kwenda hospitali kubwa kama Tumbi au kushuka Dar es Salaam. Kwa hiyo jua siku zisizosubiri tarehe. Pima mapema mlo wako ukibadilika: Ramadhani inapoanza, ukihamia kwa mtoto wako mjini, ukiugua ukashindwa kula au ukaharisha siku kadhaa. Pima pia ukianzishiwa dawa nyingine. Septrini na metronidazoli zinaweza kupandisha namba sana. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kukuvujisha damu tumboni hata namba ikiwa nzuri, kwa hiyo usizinunue dukani kwa ajili ya magoti. Kabla hujapokea dawa yoyote, onyesha kadi useme, "Natumia warfarini."

Usisubiri kipimo ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokatika kwa dakika 10 ukiwa umeibana, au maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla. Mzee akianguka akagonga kichwa, mpeleke hospitali hata kama anacheka na kusema hajaumia. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo inaweza kuwa dalili ya bonge kwenye ubongo. Nenda saa hiyo hiyo.

Kwa wenzangu wa kliniki nina ombi moja. Namba ikitoka nje ya mstari, tusishike kalamu kwanza. Tuulize: umekosa vidonge vingapi, umemeza dawa gani nyingine, na sufuria imebadilika vipi? Mimi nilirekebisha dozi kwa tatizo lililokuwa jikoni.

Na wewe unayekwenda na mzee kliniki, usingoje tukuulize. Sema tu, "Daktari, mwezi huu amekula mboga kidogo," au "amekula nyingi." Sentensi hiyo moja ingemwepusha bibi wa Soga na namba mbaya ya pili.