Tukiagiza pamoja, nauli igawiwe kwa mfuko, si kwa kichwa

Mimi nina duka dogo la vyakula Mabela, na ninataka kusema juu ya jambo lililotaka kuniharibia ujirani.

Sisi wenye maduka watatu tulikuwa tukinunua mchele wa basmati kila mtu kivyake, mfuko wa kilo 20 kwa riali 9, unaletewa mpaka mlangoni. Muuzaji akatwambia, mkichukua mifuko 50 kwa pamoja, bei ni riali 8 na baisa 400. Tukafurahi. Mimi nikaagiza 25, jirani yangu 15, na yule kijana wa pembeni 10.

Tulichosahau kuuliza ni kuwa bei ile ni ya ghalani. Kuletewa hakumo. Gari ya mizigo ikatugharimu riali 20, na mimi, kwa haraka zangu, nikasema tugawane sawasawa, kila mtu riali 6 na baisa 667.

Usiku yule kijana akanijia na daftari lake. "Ami, mimi nimepata punguzo la riali 6, nauli nimetoa 6 na baisa 667. Nimekula hasara, na wewe umebakiwa na zaidi ya riali 8."

Wallahi nilitahayari. Hesabu ilikuwa yake. Tukaigawa upya kwa mfuko, baisa 400 kila mmoja. Yeye akatoa riali 4, jirani 6, mimi 10. Kila mfuko ukabakisha faida ya baisa 200, kwa mkubwa na kwa mdogo sawa.

Kuna wanaosema sawasawa ndiyo haki. Mimi nasema si haki, kwa sababu gari hulipwa kwa mzigo, haihesabu watu.

Na faida hiyo ni nyembamba. Safari ya pili mfuko mmoja ulikuwa umerowa maji, na tulikwisha kutia saini bila ya kukagua. Ile hasara ya riali 8 na baisa 400 tuliigawa kwa mifuko 50, ikawa baisa 168 kila mmoja. Katika zile 200 zikabaki 32. Siku hizi tunaihesabu na kuipapasa mifuko yote kabla ya saini, na iliyorowa inarudi na gari ile ile.

Jambo la mwisho ni pesa. Risiti ikiwa kwa jina langu, deni ni langu, hata jirani akibadili nia. Kwa hivyo kila mtu hutoa pesa zake kwanza, ndipo napiga simu. Tena tunamwomba muuzaji atuandikie risiti tatu kwa bei ile ile, kila duka kwa jina lake.

Wazee walisema mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Na ujirani pia.