Bayeri, andika bei, andika siku

Na Papa Kivuko

Alhamisi jioni jirani yangu, mama mwalimu, alikuja mlangoni kwangu ameshika simu yake ya vitufe kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi. "Papa, nisomee hii. Mimi imenishinda." Nikatazama kioo. Kimeandikwa: "ili tusije tukakosana mbele ya watu, s'il vous plaît." Basi. Hakuna kingine.

Mama huyu ana miaka sita katika parseli yetu hapa Mikelenge. Hajawahi kumpandishia mtu sauti, hata kuku. Akakaa kwenye kigoda changu akijiuliza amemkosea nani. Simu ikalia tena, ikaleta salamu za watoto. Ikalia tena, ikaleta Mungu na rehema zake. Ndipo nilipoelewa kwamba meseji ilikuwa moja, imekatwa vipande vitano, na kipande cha tano ndicho kilichotangulia.

Ilitoka kwa bayeri wetu. Ndiyo, yuleyule wa mbuzi. Walioanza kusoma safu hii juzi waulize wenzao, mimi sirudii.

Tuliviweka vipande sawa, tukasoma kutoka juu hadi chini. Mzee alisalimu, akasifu neema, akaeleza goti lake linavyomsumbua, akataja karo ya mjukuu, kisha akasema kwamba "lile jambo letu" lifanyike "siku ileile" kwa "njia tuliyozoea". Kiasi gani? Hakuna. Tarehe gani? Hakuna. Nambari ya kutumia pesa? Hakuna. Mtu alituma meseji ya kudai kodi, akasahau kodi.

Ijumaa asubuhi mama mwalimu akaenda kwenye meza ya Airtel Money, ile yenye mwavuli mwekundu uliopasuka, akatoa nambari aliyoitumia mwezi wa pili. Kabla ya kutia nambari ya siri likatokea jina la mtu asiyemjua. Akasita, na alifanya vizuri kusita. Bayeri alikwisha kubadilisha nambari, akamwambia kila mtu isipokuwa wanaomlipa.

Akafanya kama tulivyofanya kabla simu hazijaja: akapanda mtumbwi, akavuka mto hadi Alunguli, nyumbani kwa mzee. Mzee hayupo, yuko matangani Kibombo. Akarudi, akalipa mtumbwi mara ya pili. Jumamosi akavuka tena, akamkuta, akamwekea dola 60 mkononi. Mzee akaziinua juani noti moja moja. Noti ya 10 ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto. Akairudisha. Kuhusu noti sitamlaumu, maana kambista yeyote wa hapa angeirudisha. Mama mwalimu akasema basi achukue faranga. Kwa kiwango kipi, cha mwezi uliopita au cha leo? Hapo wakakosana, tena mbele ya watu. Kipande cha tano kilikuwa unabii.

Nilimpigia mzee jioni ileile, kwa yunite zangu. Nikamwuliza kwa nini hakuandika tu. Akanijibu kwa masikitiko ya kweli: "Papa, mimi si mtu wa kumwandikia mama wa watu 'leta dola 60'. Nimelelewa."

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Watu wengi mjini hapa wanaamini kwamba kutaja pesa ni kukosa adabu, na kuizunguka ndiyo heshima. Mimi nasema heshima ya mdai ni kumwondolea mdaiwa kazi ya kukisia. Salamu moja inatosha. Goti tutaliulizia tukikutana. Lokateri anayesoma meseji yako amesimama barabarani, simu ina chaji kidogo, na mshahara wake una kalenda isiyojulikana na kanisa wala serikali. Anataka mambo matatu: ngapi, lini, wapi.

Tena adabu hii ya mzee ina bei. Mwaka 1985, mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa Bonn na mashine yake ya kuchapa, akaandika sentensi za kila aina, akahesabu herufi na nafasi. Akaona nyingi hazifiki 160, na hapo ndipo mpaka wa meseji ulipowekwa. Lakini hizo 160 ni kwa herufi za kawaida tu. Tia alama moja isiyomo katika orodha yao, mpaka unashuka hadi 70 kwa meseji nzima. Na meseji ndefu ikikatwa, kila kipande kinabeba 67 peke yake, badala ya 153.

Sasa itazame tena "plaît". Ile i imevaa kofia, na i ya kofia haimo katika orodha. Nilihesabu meseji ya mzee: herufi 321 pamoja na nafasi. Bila kofia ile zingekuwa vipande vitatu. Kwa kofia zilikuwa vitano, na kila kipande kinalipiwa. Mzee alilipia tano ili aseme "tafadhali" kwa Kifaransa! Vile vijimoyo vyekundu wanavyotia vijana mwishoni vinafanya uharibifu huohuo.

Nimemwandikia mfano. Aunakili, hata kama ameninunia:

"Jambo mama mwalimu. Kodi ya mwezi wa 6 ni dola 60, mwisho tarehe 5. Tuma Airtel Money 099xxxxxxx, jina la mke wangu. Kama umeshatuma, asante."

Mahali pa zile x aweke nambari yake mpya, na aitume siku tatu kabla, mchana, si saa nne za usiku watu wakiwa wamelala. Nimeandika "dola" kwa sababu akaunti ya simu hapa kwetu ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na 60 peke yake haina kabila. Nimeandika "mwisho tarehe 5", si "kabla ya tarehe 5", maana kwa "kabla" tutagombania kama siku ya tano yenyewe imo au haimo. Jina la mke limewekwa kwa sababu laini imeandikishwa kwake, na ndilo litakalotokea kwenye kioo. Mama mwalimu akiliona hatasita. Na yale maneno ya mwisho ndiyo adabu yote inayohitajika: yanakubali kwamba huenda mwenzako amekwisha kulipa na wewe ndiye hujaangalia simu.

Kitu kimoja sikukitia, nani alipe pesa ya kutolea. Hilo huzungumzwa mara moja, siku ya kuingia nyumbani, halivukishwi mto kila mwezi.

Nimehesabu mfano wangu mara mbili: herufi 141. Zinabaki 19. "Mungu akubariki" pamoja na nukta yake na nafasi ya mbele inakula 17. Kwa hiyo mzee asinisingizie kwamba nimemfukuza Mungu kwenye meseji. Waliokosa nafasi ni goti na mjukuu.

Mfano huo nilimtumia Jumapili baada ya misa, nikaongeza kwamba dola 10 za mama mwalimu zipo, noti nzima, asubiri tu nambari sahihi.

Jana usiku amenijibu. Vipande vitano. Cha tano kimefika kwanza, na kinahusu mbuzi.