Batri ya 3200 katika simu ya 1020: hatari iko wapi?

Wiki hii tulibishana sana nyumbani kwetu hapa Minova, na waliotubishanisha ni batri moja ndogo ya simu.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi, ambaye tunaishi naye katika parsele moja, ana ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi na redio. Ndiyo anayosikilizia habari za jioni, na ndiyo namba ambayo watoto wake waliobaki nyuma wanaijua. Batri yake ya zamani, iliyoandikwa BL-5C na 1020mAh, ilikuwa imechoka. Sokoni akauziwa nyingine ya umbo lilelile, lakini juu yake imeandikwa 3200mAh. Ya kawaida ilikuwa dola 2, hii ikawa dola 4. Muuzaji akamwambia, “Mama, hii ina nguvu mara tatu, utachaji mara moja kwa wiki.” Alipofika nyumbani, kijana wa jirani akamtisha: “Mama, itoe haraka, nguvu hiyo itaunguza simu.”

Mimi nasema wote wawili walikosea.

Hizo mAh, yaani miliampea-saa, ni kipimo cha kiasi ambacho batri inaweza kubeba. Ni kama bidoni. Ukichota maji kwa kikombe kutoka bidoni ya lita 5 au ya lita 20, kikombe hakijazwi zaidi kwa sababu bidoni ni kubwa. Simu nayo huvuta umeme inaouhitaji tu: kidogo ikiwa imelala, zaidi ukiwasha tochi au ukipiga. Batri yenye mAh nyingi haisukumi chochote cha ziada ndani ya simu. Inakawia kuisha, na inakawia pia kujaa, basi.

Kinachosukuma umeme ni volti. Kwenye BL-5C imeandikwa 3.7V, na batri ya namna hiyo hujazwa mpaka volti 4.2, hapo simu inafunga mlango. Simu nyingi za kioo za siku hizi hujaza batri zao mpaka karibu volti 4.4. Ukiweka ndani yake batri iliyotengenezwa kuishia 4.2, simu itaendelea kuishindilia wakati yenyewe imekwisha kushiba, na hapo ndipo moto unaweza kuanza. Kwa hiyo kabla ya kutazama mAh, tazama volti zote mbili zilizoandikwa kwenye batri ya zamani, na mpya iwe nazo zilezile.

Kama volti ni zilezile, umbo ni lilelile na vile vidoti vya shaba vinakutana sawasawa, mAh zikiongezeka kidogo hakuna ubaya. Watengenezaji wenyewe wamefanya hivyo. BL-5C za zamani zilikuwa na 850mAh, zikaja za 970, kisha za 1020, na zote zinaingia katika simu zilezile.

Lakini kutoka 1020 mpaka 3200 bila batri kunenepa hata kidogo? Hapo ndipo nilipokataa. Umeme ndani ya batri unakaa katika karatasi nyembamba za chuma na dawa zilizokunjwa pamoja. Ukitaka kubeba mara tatu, unahitaji karibu mara tatu ya vitu hivyo, na vitu hivyo vina uzito na vinataka nafasi. Katika kiboksi cha BL-5C, chenye unene usiofika milimita 6, 3200 hazienei. Hata kiwanda bora hakiziwezi.

Hatukuishia kwenye maneno. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alitukopesha mizani yake midogo. Batri ya zamani ilikuwa na gramu 21. Ile ya “nguvu mara tatu” ilikuwa na gramu 13.

Kisha tukaichaji. Tuliiacha simu iishe kabisa mpaka ikazimika, tukaiweka kwenye chaja iliyoandikwa 500mA, tukatazama saa. Baada ya dakika 70 simu ikasema imejaa. Hesabu yake ni nyepesi: chaja inayotoa 500 kwa saa nzima, kwa dakika 70 haiwezi kutoa zaidi ya 583 hivi. Na kwa kweli ni chini ya hapo, maana karibu na mwisho umeme huingia polepole. Mama yetu alilipa mara mbili kununua batri inayobeba kama nusu ya ile ya kawaida.

Na hapa kuna jambo ambalo yule kijana wa jirani hakulifikiria. Batri ndogo iliyovaa namba kubwa ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa simu inaijaza kwa kasi iliyopangiwa batri kubwa kuliko hiyo, nayo inapata moto. Tena aliyedanganya kwenye namba anaweza kuwa amebana pesa pia kwenye kile kibao chembamba cha ulinzi kilicho chini ya vidoti, kinachokata umeme batri ikishiba kupita kiasi au ikipiga shoti. Ubaya wa batri huwa katika utengenezaji wake. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchaji, ikakubali kuzibadilisha. Namba zake za mAh zilikuwa za kawaida kabisa.

Kwa wale wenye vibanda vya kuchajia kwa jua nina ombi, na najua wengine hawatalipenda. Wanatoa batri ndani ya simu na kuibana kwenye ile chaja yenye meno mawili, ili simu ibaki na mwenyewe. Simu ina chombo chake cha kufunga mlango kwenye volti 4.2, lakini nyingi za chaja hizo za bei ndogo hazifungi vizuri. Batri nzuri itajilinda kwa kibao chake. Batri ya uongo isiyo na kibao haina wa kuilinda. Tuchaji ndani ya simu, hata kama foleni itakuwa ndefu.

Na wewe uliye chini ya turubai, usichajie juu ya godoro wala chini ya mto. Iguse batri mara kwa mara. Joto kidogo ni kawaida, lakini ikikushinda kuishika, chomoa chaja. Iweke juu ya meza na uizungushe kama pia: ikizunguka vizuri, tumbo limevimba na haifai tena. Usiitoboe, usiitupe jikoni kwenye moto.

Mama alirudi sokoni na mizani ile. Muuzaji alibisha, watu wakakusanyika, mwishowe akampa ya 1020 na kumrudishia dola 2. Tuliipima palepale: gramu 20. Ilichukua saa mbili na nusu kujaa, na jana jioni redio yake ilikuwa bado inasema tulipokwenda kulala.