Hafla ikibuma, rudisheni hela kwanza

Machi 8, 2025 nilikuwa Tarime mjini, kwenye kibanda umiza, tunasubiri dabi ya Kariakoo. Mchana ikatoka taarifa ya Bodi ya Ligi kwamba Yanga na Simba hazichezi siku hiyo. Unajua swali la kwanza lililoulizwa pale? Si nani mwenye kosa, wala ngoma itapigwa lini. Jamaa aliyekuwa amelipa kiingilio cha kibanda alisimama akamwambia mwenye kibanda: "Mura, hela yetu je?"

Mwenye kibanda hakubishana. Alifungua kopo, akarudisha moja moja mpaka foleni ikaisha. Dabi ilipokuja kupigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0, kibanda kile kilijaa mpaka watu wakachungulia dirishani. Nawaomba viongozi wa timu zetu za huku Tarime na Serengeti wamkumbuke mzee yule wa kibanda, kwa sababu kuna jambo analijua ambalo wengi wao hawalijui.

Kuna timu moja ya huku kwetu, jina nalihifadhi, iliandaa chakula cha jioni cha kuchangisha hela za kushiriki ligi ya mkoa. Tiketi ilikuwa Sh30,000 kwa mtu mmoja, lengo watu 150. Mashabiki wakanunua, wengine wametoka Kisaka, wengine Nyamongo, wengine wameuza gunia la mahindi ndiyo wakalipa. Zikiwa zimebaki siku tatu, kwenye kundi la Wasapu ikaja taarifa ya mstari mmoja: hafla imeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa uongozi, tarehe mpya itatangazwa.

Haikutangazwa mpaka leo. Sababu nazo hazikuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote. Tiketi hazikununuliwa, basi.

Nilimtafuta katibu, akanifungulia daftari. Tiketi zilizolipiwa zilikuwa 38. Nyingine zaidi ya 40 zilikuwa ahadi za "niandikie tu, nitalipa mlangoni". Sasa fuatana nami kwenye hesabu, maana hapa ndipo kamati nyingi zinapopotea.

Ukumbi Sh400,000, muziki Sh300,000, mapambo Sh250,000, mshereheshaji Sh200,000. Jumla Sh1,150,000, na hela hiyo inatoka waje watu 10 au 200. Chakula ni Sh15,000 kwa sahani. Maana yake kila tiketi ya Sh30,000 inabakiza Sh15,000 tu. Ili kulipa zile gharama za lazima, unahitaji tiketi 77. Kuanzia ya 78 ndipo timu inaanza kupata kitu cha maana. Kwa hiyo kamati iliyouza tiketi 38 ilikuwa haijafika hata nusu ya njia ya kurudisha gharama, achilia mbali faida.

Wangeifanya hivyo hivyo wangeingiza Sh1,140,000 na kutumia Sh1,720,000. Hasara Sh580,000. Kuifuta kungewagharimu malipo ya awali ambayo hayarudi, Sh150,000 za ukumbi na Sh50,000 za mshereheshaji. Sh200,000 inauma, lakini hailingani na Sh580,000. Kwa hiyo uamuzi wa kutofanya ulikuwa sahihi kabisa. Sina ugomvi nao hapo.

Najua kuna mjumbe atasema mwandishi amesahau harambee, kwamba siku ile mgeni rasmi angetoa na wengine wangefuata. Nimehudhuria hafla hizi za kutosha. Mgeni rasmi akikuta viti vitupu 110, bahasha yake nayo inapungua, na ahadi inayotolewa mbele ya maikrofoni si hela mpaka ifike. Timu haiwezi kupanda basi kwenda Musoma kwa ahadi.

Ugomvi wangu ni kwa yale yaliyofuata. Kwanza, neno "imeahirishwa". Ukisema umeahirisha, unamwambia mtu kwamba tiketi yake bado iko hai, kwa hiyo asidai. Kama huna tarehe mpya, hujaahirisha, umefuta. Sema umefuta, na sema kwa nini: tulihitaji watu 77, wamelipa 38. Hakuna aibu hapo. Shabiki wa mpira anaelewa kufungwa, anachokataa ni kudanganywa matokeo.

Pili, hela ya tiketi ilikuwa kwenye simu ya mweka hazina, namba yake binafsi, na Sh600,000 ilishatumika kununua jezi na mipira. Hakuna aliyekula, jezi nimeziona kwa macho yangu. Lakini hela ya tiketi inakuwa ya timu siku mwenye tiketi anapokula ule wali. Kabla ya hapo ni amana. Kamati iliyogusa amana haiwezi kutangaza marejesho kwa sababu haina cha kurejesha, ndiyo maana ikajificha nyuma ya "tarehe mpya itatangazwa".

Tatu, na hili ndilo baya zaidi, kamati ilikaa kimya ikisubiri wanaodai. Waliokuja juu wakarudishiwa, wapole wakahesabiwa kwamba wamechangia. Yaani anayekupenda ndiye anayeumia.

Ingepaswa kwendaje? Siku ya kuamua inapangwa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Iwe wiki moja kabla ya hafla, kabla mpishi hajanunua nyama na mchele na kabla ya kumalizia malipo ya ukumbi. Siku hiyo unahesabu tiketi zilizolipiwa tu, ahadi unaziacha pembeni. Zikiwa chini ya ile namba ya kurudisha gharama, unafuta jioni hiyo hiyo.

Kabla ya kuandika chochote kundini, mwenyekiti anapiga simu. Aliyelipia meza nzima, aliyeahidi mbuzi, mwenye duka aliyetoa kreti za soda, mgeni rasmi: hao wasikie kwa sauti ya mwenyekiti, si kwa kuona ujumbe uliosambazwa. Ukimpigia, unamshukuru, unamweleza namba, unamuuliza anataka mchango wake ufanyweje. Soda zirudi dukani, au zinywewe kambini? Aamue mwenyewe. Mzee wa Kikurya aliyetoa mbuzi wake kisha akasikia habari mitaani, mwakani usimfuate.

Halafu ndipo ujumbe uende kwa wote, na uwe na majibu ya maswali manne: nini kimetokea, nitapata kiasi gani, lini, kwa njia gani. Mimi ningeandika hivi: "Ndugu mdau, hafla ya Jumamosi tumeifuta. Tulihitaji watu 77, wamelipa 38. Hela yako Sh30,000 itarudi yote, pamoja na ya kutolea, kwenye namba uliyolipia, kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Ukipenda ibaki kama mchango wa timu, tujibu IBAKI. Usipojibu, tunakurudishia. Asante kwa kutuamini."

Angalia maneno "pamoja na ya kutolea". Ukimrumia mtu Sh30,000 kamili, akienda kwa wakala anakatwa, anabaki na pungufu. Kwake yeye timu imemla. Ada hizo ni ndogo kuliko lawama, ziingie kwenye hasara ya kamati.

Angalia pia "usipojibu, tunakurudishia". Ukimya usiwe mchango. Uzuri wake ni kwamba anayejibu IBAKI amechangia kwa hiari, na huyo ndiye wa kumfuata tena. Wasipofika hata watano, umejifunza jambo kuhusu timu yako.

Waliolipa taslimu waje na kipande cha tiketi, wasaini daftari. Tiketi zilizouzwa na mawakala wa mitaani zirudi kupitia daftari hilo hilo, siyo "mpe fulani atakufikishia", maana huyo fulani ndiye hela inapopotelea. Aliyepoteza kipande, jina lake litafutwe kwenye orodha ya mauzo. Kama hamkuandika orodha, hilo ni kosa lenu, mlipeni.

Na matapeli wapo. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Wakisikia kuna marejesho, watawapigia watu wenu wakijifanya kamati. Kwa hiyo taja mapema namba itakayotuma na jina litakalotokea, na sema wazi kwamba hakuna atakayeulizwa namba ya siri wala kutakiwa kutuma kitu kwanza.

Mwisho, kazi ikiisha, bandikeni hesabu kwenye ubao wa tawi na kundini: tiketi 38, zilizorudishwa kadhaa, zilizobaki kama mchango kadhaa, hasara ya malipo ya awali Sh200,000, ada za kutuma kiasi fulani, na nani amebeba hasara hiyo. Karatasi moja tu. Na kama amana ilishaguswa kama kwa wenzetu wale, viongozi wachange mifukoni mwao, au waseme ukweli na watoe tarehe mbili za kulipa, kisha wazitimize.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la sahani 38? Kwa sababu mkoa huu unajua maumivu ya kukosa safari. Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, halafu haikusafiri kwenda kurudiana. Mabao mawili mkononi, na safari ikaisha hapo. Timu zetu za wilaya nazo hukwama kwa nauli, na siku ya kukwama hakuna kingine zaidi ya kutembeza bakuli.

Ile timu ya hafla ilitembeza bakuli miezi miwili baadaye, ikitafuta nauli ya mechi ya Musoma. Nilikuwepo kijiweni bakuli lilipopita. Jamaa mmoja mwenye jezi ya timu, wa Kisaka, alilitazama tu akasema: "Tiketi yangu imo humo." Halikupata hata shilingi kutoka kwake. Wachezaji 14 walisafiri badala ya 20, wamebanana kwenye Noah mbili, wakapigwa 3-0.

Viongozi wanasema mashabiki wa huku hawachangii. Walichanga. Bado wanasubiri Sh30,000 zao.