Kaye ya maombi

Leo tuzungumze juu ya kaye. Maombi tunayosema hapa siyo ya kusali, hayo mnayajua. Ni maombi ya kazi, ya nafasi ya shule, ya msaada wa masomo, hata ya kupewa upya karte ya mchimbaji. Vijana wengi wanaandika tarehe ya mwisho kwenye mkono au kwenye gamba la simu, kisha wanangoja. Lakini tarehe ya mwisho siyo inayowaponyoka. Zinazowaponyoka ni mbili zingine: siku ya kuanza safari, na siku ya kurudi kuuliza.

Chukua kaye ya kurasa mia moja na biki. Kila ombi lipate ukurasa wake mzima, maana litakua. Juu andika unaomba nini, kwa nani, biro iko wapi, na siku gani umeliona tangazo. Chini yake andika tarehe ya mwisho, lakini soma vizuri neno linaloitangulia. «Mbele ya tarehe 28» maana yake mwisho ni 27. «Tarehe 28 kwa mwisho» maana yake 28 yenyewe ingali nzuri. Siku moja tu, na dosie inarudishwa bila kufunguliwa.

Andika na saa, tena kwa namba za Kifaransa: 16h00, siyo «saa kumi». Kwetu mtu mmoja akisema saa kumi anahesabu Kiswahili, mwingine anahesabu Kifaransa, na kati yao kuna saa sita. Tena uliza ni saa ya wapi. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Basi 16h00 ya Kinshasa kwetu ni 17h00, umepata saa moja ya bure. Nairobi ni kinyume: 17h00 yao ni 16h00 yetu. Anayetuma dosie kwa mtandao kuelekea huko njo anayechelewa, akizania bado iko nafasi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana yuko Salamabila. Mwisho wa mwezi wa tano anasikia kwamba biro moja ya Kindu inatafuta mtu wa kuandika hesabu. Dosie ipelekwe kwa mkono, mbele ya tarehe 28 mwezi wa sita. Wanaomba barua, maisha ya kazi kwa kifupi, fotokopi ya diplome, cheti cha mwenendo mwema na cheti cha afya, hivi viwili visipite miezi mitatu.

Anaanzia mwisho, anarudi nyuma. Siku ya mwisho ni 27. Anajiwekea siku mbili za akiba, juu ya sekretere anaweza kuwa kwenye kilio au umeme ukakosa. Basi dosie iingie tarehe 25. Kutoka Kasongo mpaka Kindu kwa pikipiki, pamoja na kuvuka Lualaba, anahesabu siku tatu: 22, 23, 24. Makaratasi atayatafuta Kasongo, anayapa siku nne: 18 mpaka 21. Kutoka Salamabila mpaka Kasongo anahesabu siku mbili: 16 na 17. Kwa hiyo tarehe anayoiandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa ni 16, siyo 28. Kila mtu aweke siku za njia yake. Mwezi wa sita njia ni kavu kidogo, lakini hesabu hiyo hiyo mwezi wa kumi na moja inadai siku zaidi.

Cheti cha mwenendo anacho tayari, alikipata tarehe 20 mwezi wa tatu. Mwisho wa mwezi wa tano akikiangalia ni kizima. Lakini siku ya kuweka dosie, tarehe 25 mwezi wa sita, kitakuwa kimekufa siku tano. Kwa hiyo mwisho wa kaye acha ukurasa mmoja wa makaratasi yenyewe: jina la karatasi, siku lilipotoka, siku litakapokufa. Baba naye aandike humo karte yake ya mchimbaji, ambayo kwa sheria ya madini ni ya mwaka mmoja tu, kisha inaombwa upya. Mwenye diplome ambayo haijafika bado aandike ile karatasi ya kushinda inayoishika nafasi yake, na aulize mapema kama biro inaikubali.

Tufike mlangoni. Usiache dosie bila kurudi na alama. Enda na barua mara mbili: moja inabaki, ya pili sekretere anaipiga kashe, anatia tarehe na mkono wake. Wengi wanaiita akize. Biro inayofanya kazi vizuri inaandika barua yako katika kitabu cha barua zinazoingia na kuipa namba. Omba namba ile, iandike kwenye kaye. Siku ukirudi kusema «niliweka dosie yangu», watakujibu kuna dosie nyingi. Ukisema «ni namba fulani, ya tarehe 25», mtu anafungua kitabu. Na yule anayekuomba franga ili apokee dosie, andika jina la biro yake, ukaulize kwanza kwa watu wengine kama kazi yenyewe iko kweli.

Pale pale mlangoni uliza: «Mama, majibu yatatoka lini?» Akitaja siku, andika hiyo. Asipotaja, hesabu majuma mawili kutoka siku ya kufunga, siyo kutoka siku uliyoweka. Kijana wetu ataandika 11 mwezi wa saba. Akipiga simu tarehe 2, hakuna aliyefungua bahasha hata moja. Amechosha watu na mambo ya simu. Kisha kila ulizo, andika siku, jina la aliyejibu, na alisema nini. «Rudi siku ya posho» nayo ni jibu, liandikwe.

Jambo moja dogo linaloharibu kazi kubwa: namba ya simu. Aliye kwenye shimo hana rezo, tena kadi za simu zinapotea. Andika kwenye ukurasa ni namba gani uliyotia kwenye barua, na ni simu ya nani. Kama ni ya yaya yako wa Kasongo, aambiwe. Namba ikibadilika, fungua kaye, uone ni biro ngapi zinazo ile ya zamani, uzipelekee mpya. Kaye yenyewe ibaki nyumbani, na mtu mmoja aifungue kila jumamosi jioni.

Kuna kurasa za kufunga pia. Namoya, kampuni ya Banro ilitangaza kutoa zahabu kibiashara mwaka 2016, kisha kazi ikasimama 2019. Mtu aliyeweka barua yake wakati ule asihesabu kwamba mwenye mgodi anayekuja baadaye ameirithi. Piga mstari juu ya ukurasa, andika sababu, fungua mwingine na barua mpya. Na biro ikikukatalia, uliza ni karatasi gani ilikosa, uandike jibu kabla ya mstari, maana ombi la pili kwa biro ile ile litaanzia hapo.